Kolwezi: «Zero Metoreks» atimiza miaka 40

Ujumbe wa sauti uliingia kwenye simu yake saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajaondoka Kasulo: «Zero wangu, leo una miaka 40, na bado hakuna depo inayokutaka!»

Mchimbaji huyo na rafiki yake wamekuwa pamoja tangu utoto. Jina la Zero lilitoka Musompo, soko la mawe. Siku moja alifika huko na mfuko mzito wa mawe meusi, akiwa ameshapiga hesabu ya baiskeli. Kobalti ya hapa, heterojenite, ni nyeusi. Lakini manganizi nayo ni nyeusi. Kwa macho mtu hudanganyika. Metoreks, kile kimashine kinachoshikwa mkononi kama bastola, hakikudanganyika. Asilimia ya kobalti ilikuwa karibu sufuri, na bei hufuata asilimia.

Ujumbe uliendelea: «Bibi yako ajiangalie, alinunua bila kupima! Jioni leta bukari, na samaki awe wa Nzilo, si wa boksi. Munkoyo ninao.»

Alicheka mpaka watoto wakaamka. Halafu akausikiliza tena. Rafiki alitania mfuko, baiskeli, hata upara. Kamba hakuigusa, wala shimo ambamo mdogo wake Zero alibaki udongo ulipoporomoka. Miaka yote hajawahi kuligusa.

Zero alijibu kwa maneno machache: «Njoo na metoreks, tukupime wewe kwanza.»