Safari ya Kwanza ya Mbinga: Kumuuzia Kahawa Mnunuzi Aliyeko Hamburg

Kahawa ya Mbinga nilikuwa nikiiuza kutoka ofisini Dar es Salaam, kwa barua pepe na vikao vya video, bila kuwahi kuiona ikiwa mtini. Aliyenipeleka huko ni mnunuzi wa Hamburg. Alisema picha nzuri ameshatumiwa nyingi na kila muuzaji. Safari hii alitaka kikao kifanyike kwenye kituo chenyewe cha kumenya kahawa, wakulima wakiwepo, naye aione ikiwa kwenye vichanja. Kampuni ikakubali, nami nikakata tiketi ya basi la Songea.

Ni safari ndefu. Tulipita Morogoro, tukakatiza hifadhi ya Mikumi huku abiria wakisimama kutazama twiga, tukapanda mlima Kitonga taratibu nyuma ya malori. Makambako ndipo tulipoiacha barabara ya Tunduma na kushika ya Njombe, na baridi ikaanza kuingia madirishani. Nililala Songea. Kesho yake nikapata gari la Mbinga, mwendo wa kama kilomita 100, na kutoka mjini nikapanda bodaboda kuelekea milimani, laptopu nimeikumbatia kifuani.

Huko ndiko nilikoona ngoro kwa macho yangu. Wamatengo huchimba mashimo ya mraba yaliyopangana mteremko mzima, mahindi na maharage wakayapanda kwenye kingo, na mvua inaponyesha maji hutuama shimoni badala ya kuushusha udongo bondeni. Ng'ambo ya ngoro ndiyo mibuni. Niliposhuka kituoni nilimwamkia mwenyekiti wa AMCOS, akaitikia, akanikaribisha kiti, kisha akaniuliza swali ambalo ofisini hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mwanangu, huyo mzungu mkishazungumza naye, sisi tutajua lini kama ananunua?" Nilimwambia kwamba hilo tutalijua kabla simu haijakatwa. Kazi yote niliyoifanya baadaye niliipanga kwa ajili ya jibu hilo.

Jioni hiyo niliishughulikia mitambo. Ofisi ya kituo ina paa la bati na mtandao wake ni dhaifu. Hatua chache juu yake, penye kibaraza cha ghala, simu ilishika vizuri zaidi. Nilipima kasi ya kupandisha, maana anayeuza kwa video hutuma zaidi kuliko anavyopokea, na kasi ya kushusha inayosifiwa kwenye matangazo ya bando haimsaidii sana. Zoom yenyewe inaeleza kwamba picha nzuri ya uso, watu wawili wakizungumza, huhitaji kama kilobiti 600 kwa sekunde, lakini kushea skrini peke yake, bila picha ya uso, huhitaji 50 hadi 75 tu. Kibarazani nilikuwa na kama 800. Kwa hiyo niliamua uso na skrini visitumwe kwa pamoja: nikifungua waraka nazima kamera, nikimaliza waraka naiwasha tena.

Simu ya pili niliikabidhi kwa mama anayesimamia vichanja. Iliingia kikaoni kama mshiriki wa pili, sauti yake ikiwa haijaunganishwa kabisa. Vifaa viwili vikisikika karibu na karibu, kelele huzunguka kati yao na kikao hakiendi. Tulirekodi pia video fupi ya vichanja, nikaituma Hamburg usiku huo pamoja na bei na maelezo ya kahawa, ili mtandao ukikatika mnunuzi awe na kitu mkononi.

Saa ilichaguliwa kwa sababu ya mashine. Wakulima huchuma asubuhi na kuleta kahawa mbivu alasiri, hivyo mashine ya kumenya hunguruma jioni. Asubuhi kituo ni kimya. Tulipanga saa nne asubuhi kwetu, ambayo kwa mwezi wa Septemba ni saa tatu Hamburg. Ikifika Jumapili ya mwisho ya Oktoba Wajerumani hurudisha saa nyuma, na tofauti huwa saa mbili. Muuzaji anayepanga miadi ya Novemba alikumbuke hilo.

Walikuwa wawili upande wa pili: mnunuzi mwenyewe na mwonjaji wake. Upande wetu nilikaa na mwenyekiti na katibu kwenye benchi moja, laptopu juu ya magunia. Muda ulikuwa dakika 30. Sikuanza na historia ya kampuni. Nilimtambulisha mwenyekiti, kisha nikamuuliza mnunuzi kitu gani angependa akijue leo kabla ya kufanya uamuzi. Akataja viwili: kama kahawa imekauka sawasawa, na kama tunaweza kuonesha imetoka mashamba gani. Basi kikao kikawa na mambo hayo mawili, na mengine niliyokuwa nimeyaandaa nikayaacha.

Tulianza na vichanja. Yule mama alitembea polepole, akashika kahawa ya maganda kwa mkono na kuisogeza karibu na kamera. Kipimo cha unyevu kilisoma 11.2, na wanunuzi hutaka iwe kati ya asilimia 10 na 12. Sikukisoma kile kipimo. Nilimwomba mwonjaji atusomee yeye anachokiona. Alisogea kwenye kioo chake, akasoma, kisha akauliza kahawa hufunikwa saa ngapi jua likiwa kali. Mama akajibu kwa Kiswahili, nami nikatafsiri. Tangu hapo mwonjaji hakutazama pembeni tena.

Hilo ndilo nililojifunza kuhusu kumshika mtu aliye mbali. Mtu aliyekaa mbele ya kompyuta yake ana barua pepe zake pale pale, na muuzaji anayezungumza dakika tano mfululizo anampa nafasi ya kuzisoma. Dalili zake zinaonekana: macho yanakwenda kushoto na kulia kama ya mtu asomaye, mwanga wa uso unabadilika kwa sababu amefungua dirisha jingine, na majibu yanakuwa "sawa, sawa" ambayo hayahusiani na ulichosema. Kupaza sauti hakusaidii. Kinachosaidia ni kumpa jambo la kufanya, asome namba au achague kati ya vitu viwili, na swali limwendee mmoja wao kwa jina. Ukiuliza "kuna swali?" kwa wote, hakuna atakayejibu. Na ukishauliza, subiri. Sauti huchelewa njiani, na wengi hujaza ukimya ule kwa maneno yao wenyewe, wakamkata mnunuzi aliyekuwa ndiyo kwanza anafungua kinywa.

Kisha ikaja skrini. Umoja wa Ulaya una kanuni, namba 2023/1115, inayotaka kahawa inayoingia huko ijulikane shamba ilikotoka, na kwamba shamba hilo halikupatikana kwa kukata msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Shamba lisilozidi hekta nne huhitaji nukta moja tu ya ramani, na wakulima wengi wa kituo kile wako chini ya hapo. Nilishea dirisha la jedwali peke yake, si skrini nzima, maana mwenye kushea skrini nzima huonesha pia ujumbe wa WhatsApp unaoingia na bei za wateja wengine. Safu ya majina na namba za simu za wakulima nilikuwa nimeiondoa usiku. Mnunuzi alihitaji mashamba, na majina ya watu hayakumhusu katika hatua ile. Maandishi niliyakuza mara mbili kwa sababu huwezi kujua kama mwenzako anatazama kwa simu.

Sikuuliza "mnaona?" Mtu huitikia ndiyo hata kama mbele yake kuna kioo cheusi. Niliuliza mstari wa kwanza unaanza na namba gani. Mnunuzi akasoma namba ya mstari wa juu, nikajua tuko pamoja. Nikachukua nukta moja, nikaifungua kwenye ramani, shamba likatokea na ngoro zake kandoni. Kwa mshale wa kipanya uliotulia nikamwonesha njia kutoka shambani hadi kituoni. Nukta moja ilitosha. Akataka nyingine achague mwenyewe; akachagua, tukaifungua.

Alipouliza bei niliacha kushea na kuwasha kamera. Jedwali likibaki kwenye kioo wakati wa bei, nyuso huwa ndogo kama stempu, na huwezi kuona mtu anavyolipokea neno lako. Niliitaja mara moja: senti 380 za Marekani kwa ratili, FOB Dar es Salaam, yaani kama dola 8.38 kwa kilo. Nikanyamaza. Alisema iko juu. Mwenyekiti akaniuliza amesema nini, nikamweleza. Akajibu kwamba kahawa ile huchambuliwa kwa mkono kila siku vichanjani na akina mama hulipwa kwa kazi hiyo. Nilitafsiri neno kwa neno. Mnunuzi hakuendelea kubishana na bei. Aliuliza kama anaweza kuanza na magunia 60.

Zilikuwa zimebaki kama dakika nane, na nilikuwa nimezitunza kwa makusudi. Hapa ndipo vikao vingi hufa, kwa maneno kama "tutawasiliana" au "tutumie taarifa zaidi." Nilifungua ukurasa mtupu, nikaushea, nikaandika wote wakitazama. Mstari wa kwanza: sampuli ya gramu 350, iliyokobolewa, itafika Hamburg ifikapo tarehe 2 Oktoba, anayeituma ni mimi. Wa pili: mwonjaji ataionja tarehe 7 Oktoba. Wa tatu: tarehe 8, saa ile ile, watu hawa hawa watakutana kwa dakika 20. Wa nne aliuongeza mnunuzi mwenyewe: ikipata alama 84 au zaidi, atachukua magunia 60 kwa bei iliyotajwa, ikipungua, bei itazungumzwa upya. Nilimwomba ausome kwa sauti. Kisha nikatuma mwaliko wa tarehe 8 tukiwa bado kwenye simu, nikasubiri hadi wote wawili walipoukubali.

Mwenyekiti aliuliza maana ya ule mstari wa nne, nikamtafsiria. Akamwambia katibu aandike tarehe 8 Oktoba kwenye daftari la mikutano.

Sampuli niliibeba mwenyewe hadi Dar es Salaam na ikafika Hamburg kwa wakati. Alama zilikuwa 84.5. Mkataba wa kilo 3,600, thamani yake zaidi kidogo ya dola 30,000, ulisainiwa kwa sharti la kawaida kwamba sampuli ya kabla ya kusafirisha iidhinishwe kwanza.

Nawaomba viongozi wa AMCOS ambao kahawa yao inauzwa na wengine kwa njia hii: ombeni kiti kwenye kikao cha video, mnunuzi awaone na awaulize ninyi. Na kabla simu haijakatwa, mwambieni muuzaji wenu aandike mbele ya wote nani atafanya nini, na tarehe gani.