Vifuniko Kumi kwa Daftari Moja

Kabla sijafungua duka langu dogo hapa parokiani, nilikuwa ofisa mauzo wa kampuni moja ya vinywaji vitamu. Sitaitaja jina. Nitasimulia kampeni moja ya mwaka 2018, kwa sababu nilikuwa naisimamia mwenyewe, na kwa sababu sasa nimo katika kamati ya shule na barua za aina ileile zinakuja mezani kwetu.

Kinywaji chetu kiliuzwa shilingi 200 kwa chupa ndogo. Tulikwenda katika shule za msingi na gari lenye spika, kijana aliyevaa vazi la mnyama wa katuni, na maboksi ya madaftari. Mtoto aliyeleta vifuniko kumi alipewa daftari lenye picha ya yule mnyama. Mwalimu mkuu alitupa nusu saa baada ya paredi ya asubuhi, nasi tuliahidi shule tangi la maji la lita 2,000. Wote tulifurahi. Mwanasheria wa kampuni alikuwa amepitia mpango mzima na kuupitisha.

Piga hesabu yake. Vifuniko kumi ni shilingi 2,000. Daftari la namna ile dukani lilikuwa shilingi 500. Mtu mzima angeliona hilo mara moja, na ndiyo maana hatukumwendea mtu mzima. Mtoto wa darasa la pili hajumlishi chupa zote kumi. Anaona chupa ya leo, na daftari lililo karibu kupatikana. Tuliweka pia siku ya mwisho, wiki tatu tu, ili anayefikisha vifuniko saba asikubali kuishia hapo.

Wiki ya pili mama mmoja alikuja shuleni akanikuta nikihesabu vifuniko. Mwanawe wa miaka saba alikuwa hanywi uji wa shule, kwa kuwa hela ya uji aliinunulia chupa zetu. Alipokosa hela aliokota vifuniko kwenye jalala la sokoni. Nikamwambia, "Pole sana mama, lakini hatukumlazimisha." Akanijibu kwa upole ulionichoma kuliko matusi: "Kijana, mimi mtoto nilimkabidhi mwalimu. Wewe sikukukabidhi."

Kisha akanionyesha simu yake. Ili kupokea daftari, mtoto alijaza fomu: jina, darasa, na namba ya simu ya mzazi. Kampuni ilikuwa imeanza kuwatumia wazazi ujumbe wa matangazo. Aliniuliza namba yake tuliipata wapi, nami nilijua: aliitoa mtoto wa miaka saba, kwa sababu alikuwa ameelekezwa na mtu aliyesimama karibu na mwalimu wake.

Watu wengi huniuliza kama tulivunja sheria. Ni swali zuri, ila jibu lake linategemea mwaka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilikwisha kusema kwamba mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18, na kwamba maslahi yake yatangulie. Hilo ni kubwa, lakini halimwambii ofisa mauzo aache kifuniko gani. Kuhusu zile fomu, mambo yamebadilika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa nyeti, na taarifa nyeti zinahitaji ridhaa ya maandishi kabla ya kutumiwa. Kwa mtoto, ridhaa hiyo ni ya mzazi au mlezi. Fomu iliyojazwa na mtoto kwenye foleni ya daftari si ridhaa ya mzazi. Kampuni ikija leo na karatasi kama ile, shule inayoruhusu inajiingiza nayo matatani.

Kuhusu mahali penyewe, Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo mwaka 2010 kwamba maeneo wanakokusanyika watoto, zikiwemo shule, viwanja vya michezo na kliniki za watoto, yasiwe na matangazo ya aina yoyote ya vyakula na vinywaji vyenye sukari, chumvi au mafuta mabaya kwa wingi. Hayo ni mapendekezo kwa serikali. Kila nchi huyageuza sheria kwa namna yake. Lakini kamati ya shule haikatazwi kuyafanya kanuni yake.

Kipimo kilichonisaidia zaidi nilikipata mbali, katika jimbo la Quebec, Kanada. Tangu mwaka 1980 wao wanakataza matangazo ya biashara yanayolenga watoto chini ya miaka 13, na Mahakama ya Juu ya Kanada iliikubali sheria hiyo mwaka 1989. Ili kujua kama tangazo linamlenga mtoto, wanaangalia mambo matatu: bidhaa yenyewe ni ya nani, tangazo limewasilishwa kwa namna gani, na limeonyeshwa wakati gani na mahali gani. Nikaipima kampeni yangu. Kinywaji kile kingeweza kunywewa na yeyote, kwa hiyo swali la kwanza lingetuachia mwanya. Namna: mnyama wa katuni na daftari la shule. Wakati na mahali: baada ya paredi, uwanjani. Hakuna mzazi aliyekuwepo hata mmoja. Kwa kipimo hicho tusingefika getini.

Kuna sababu ya kuweka mpaka wa umri. Mwaka 2004 jopo la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani lilihitimisha kwamba watoto chini ya miaka minane kwa kawaida hawatambui kuwa tangazo lina nia ya kuwashawishi. Hulipokea kama habari ya kweli. Yule wa miaka saba hakushindwa kujizuia. Hakujua kwamba kuna kitu cha kujizuia nacho.

Kijana wa sekondari ni habari nyingine. Binti yangu wa kidato cha pili anajua tangazo la redio ni tangazo. Asichokijua ni kama dada anayemfuatilia mtandaoni, anayesifia mafuta ya kung'arisha uso, amelipwa ama la, kwa sababu haisemwi. Mtoto mdogo tulimpata kwa kuwa haelewi ushawishi. Kijana hupatikana pale ushawishi unapovaa sura ya rafiki. Kwake swali la kwanza tulilokubaliana kuuliza ni hili: huyu analipwa na nani?

Ningependa kusema niliacha kazi siku ile. Sikuacha. Nilimweleza bosi wangu, akasema kampeni imebakiza siku tisa. Ikaendelea hadi mwisho, nami nilibaki kazini miezi minane zaidi. Yule mama nilimfutia namba kwenye orodha. Za wengine zilibaki.

Mwezi uliopita ilikuja barua ya kampuni nyingine: wanataka kupaka rangi ukuta wa darasa, pamoja na nembo yao, na kugawa sampuli. Tuliwajibu kwamba rangi tunaipokea bila nembo, sampuli hazitagawiwa, wala majina ya wanafunzi hayatatolewa. Wakitaka kuzungumzia bidhaa yao, waje kwenye mkutano wa wazazi, wazazi wakiwa wamekaa. Mpaka naandika hawajajibu. Ukuta bado haujapakwa, na mwalimu mkuu amenilaumu mara mbili.