Ukame Ni Mwizi: Kutofautisha Tashbihi, Sitiari na Tashihisi

Katika kusahihisha majibu ya Karatasi ya Tatu, yaani Fasihi, kuna jibu moja ninalokutana nalo kila mara: "Tashbihi – kama." Basi. Aliyeliandika ameona neno "kama" katika dondoo, akalichomoa, akakimbilia swali linalofuata. Mimi hutafuta mfano nisiuone, kwa sababu "kama" peke yake si mfano wa chochote.

Neno hilo lina kazi nyingi. "Kama mvua itanyesha, tutapanda" ni sharti. "Walikuja watu kama ishirini" ni makadirio. "Miji kama Nakuru na Kisumu" ni kutaja mifano. Hata "Amina ni mrefu kama dada yake" ni ulinganisho wa kawaida tu; tunaweza kuwasimamisha wote wawili ukutani tukawapima. Tashbihi hulinganisha vitu vya jinsi tofauti: "Amina ni mrefu kama mnazi." Tena inaweza kuja bila "kama" kabisa. Mwandishi akisema "mithili ya mnazi" au "mfano wa mnazi", au mshairi akasema "ja mnazi", bado ni tashbihi.

Sasa ondoa hicho kiungo: "Amina ni mnazi." Hii ni sitiari. Amina hafanani tena na mnazi. Amefanywa kuwa mnazi wenyewe. Hapa pia kuna mtego, kwa kuwa wengi hukariri kwamba sitiari ni "ni". Lakini "Amina ni mwalimu" ni taarifa tu. Jiulize: nikiichukua sentensi hii neno kwa neno, itakuwa kweli? Amina anaweza kuwa mwalimu, hawezi kuwa mti.

Katika tashihisi kitu kisicho binadamu hupewa tendo au hisia ya mtu, bila kutajwa kitu cha pili cha kukilinganisha nacho: "Mnazi ulimwinamia Amina, ukamnong'oneza." Tahadhari na vitenzi vya kawaida. Katika "upepo ulivuma" hakuna tashihisi, kwani kuvuma ni kazi ya upepo. "Upepo ulinizomea" ni tashihisi, maana kuzomea ni kazi ya watu. Katika ushairi, uangalie upatanisho wa kisarufi pia. Ukikuta "Njaa amebisha hodi" badala ya "Njaa imebisha hodi", usiharakishe kudhani ni kosa la chapa. Huenda mshairi ameihamishia njaa katika ngeli ya A-WA ili tuione kama mtu aliyesimama mlangoni.

Tuchukue sentensi moja yenye zote tatu, niliyoitunga kwa ajili ya darasa langu:

"Ukame ni mwizi, ulipita kijijini kimya kama paka, ukacheka ulipoondoka."

Tashbihi iko wapi? "Ulipita kijijini kimya kama paka." Nimenukuu pande zote mbili, tendo la ukame na paka anayelinganishwa nalo, pamoja na "kimya", sifa inayowaunganisha. Ukiandika "kama paka" tu, msahihishaji hajui ni nani aliye kama paka.

Tashihisi ni "ukacheka ulipoondoka". Hapa kiambishi "u-" hakitoshi kuonyesha mtendaji, kwa hiyo andika: "ukacheka ulipoondoka – ukame umepewa uwezo wa kucheka kama binadamu." Usishtuke kuona "kama" katika maelezo yako, hiyo ni lugha yako ya kueleza, haiko katika dondoo.

Sitiari ni "ukame ni mwizi", na hapa ndipo wanafunzi wangu hubishana hadi kengele ilie. Mmoja husema: "Mwalimu, mwizi ni mtu, kwa hiyo hii ni tashihisi!" Hoja yake ina uzito. Ukame umefanywa mtu, ni kweli. Lakini tazama muundo: kitu kimoja kimeitwa jina la kitu kingine, bila kiungo cha kulinganisha. Huo ndio umbo wa sitiari, na ndivyo ningeuita. Tamathali mbili zinaweza kukaa katika maneno yaleyale, na msahihishaji anajua hilo. Mimi ninachokushauri ni hiki: ukiulizwa tashihisi na sentensi ina mfano usio na ubishi, kama "ukacheka", chukua huo, umwachie mwizi sitiari yake. Muda wa mtihani si wa kubishana na karatasi.

Jaribu hii mwenyewe, ukinukuu pande zote na kueleza kwa sentensi moja moja: "Jiji ni chatu, limemmeza kaka yangu, na barua zake sasa huja kwa nadra mithili ya mvua ya jangwani, zikiona haya kufunguliwa."