Matokeo si Idadi ya Fulana

Katika lugha yetu ya kiofisi, neno moja limebebeshwa mzigo wa maneno matatu. Neno hilo ni "matokeo". Halmashauri ikichapisha vipeperushi, hayo ni matokeo. Wananchi wakibadili mwenendo, hayo nayo ni matokeo. Vifo vya wajawazito vikipungua baada ya miaka kumi, matokeo tena. Neno likishabeba kila kitu halibagui chochote, na anayelitumia hulazimiki kumwamini, kwa kuwa hujui ni lipi kati ya hayo matatu analolidai.

Mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili, ambaye mchana ni ofisa katika halmashauri fulani, aliniletea taarifa ya kampeni ya uzazi wa mpango ili niisome kabla hajaiwasilisha. Sehemu yenye kichwa cha "Matokeo" ilikuwa na mistari mitano: vipeperushi vilivyogawiwa, fulana zilizotolewa, matangazo ya redio yaliyorushwa, mikutano ya hadhara iliyofanyika, na idadi ya "wananchi waliofikiwa". Nilimwuliza: mama aliyepokea kipeperushi sokoni, kisha akakifungia vitumbua vya wateja wake, amefikiwa au hajafikiwa? Alicheka, kisha akanyamaza. Hatimaye alisema, "Dokta, mfadhili anataka namba, na hizi ndizo namba tulizonazo."

Jibu lake lilikuwa la kweli, na ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Namba alizokuwa nazo zilikuwa halali. Kosa lilikuwa kuziweka chini ya kichwa kisicho chake. Napendekeza tugawane kazi kwa maneno matatu. Mazao ni vile tulivyovitenda na kuvitoa sisi wenyewe: vipindi, mikutano, mabango. Matokeo ni mabadiliko kwa watu wengine: wanachokijua, wanachokiamini, wanachokifanya. Athari ni mabadiliko katika hali ya maisha yenyewe, mema au mabaya, yanayojitokeza baada ya muda mrefu na kwa sababu nyingi. Mazao yamo mikononi mwetu. Matokeo yamo mikononi mwa raia. Athari haimo mikononi mwa yeyote peke yake.

Hatuna haja ya kwenda ng'ambo kutafuta mfano. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha tamthilia iitwayo Twende na Wakati, iliyohusu uzazi wa mpango na ukimwi. Wasomaji wa rika langu wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori aliyekuwa na wanawake katika vituo vya safari zake, na mkewe Tunu, aliyechoshwa akaamua kujitegemea. Sisi watoto tuliisikiliza kwa sababu ya vituko. Wakubwa waliokaa nasi walikuwa na sababu zao, na mara nyingi kipindi kilipokwisha mazungumzo yao yalihamia kwa sauti ya chini. Lakini kumbukumbu zangu si tathmini. Tathmini ilifanywa na watafiti, akiwamo Everett Rogers, mtaalamu mashuhuri wa mawasiliano, na namna walivyoifanya inatufundisha kutenganisha ngazi hizo tatu.

Tuanze na mazao. Tamthilia ilirushwa mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara. Kwa mwaka hivyo ni takriban vipindi 104, yaani saa 52 za hewani. Kiashiria cha ngazi hii ni chepesi: vipindi vilivyorushwa vikilinganishwa na vilivyopangwa, kama vinavyoonekana katika daftari la kituo cha redio. Ni kiashiria muhimu, kwa sababu kipindi kisichorushwa hakiwezi kumbadilisha mtu. Hata hivyo, saa 52 hazituambii kama kuna aliyesikiliza.

Hapo ndipo ngazi ya pili inapoanza, na ndipo taarifa zetu nyingi zinapokatika. Kumwuliza mtu, "Je, umesikia kampeni yetu?" ni kumwomba awe na adabu. Wengi watasema ndiyo kwa kumheshimu mgeni mwenye karatasi. Swali bora ni hili: taja mhusika mmoja wa tamthilia, na useme yaliyompata. Anayesema kwamba Mkwaju aliishia kuugua ukimwi amesikiliza na ameelewa. Anayesema "ni kipindi kizuri" bado hajatuthibitishia lolote. Kwa kampeni isiyo na wahusika, mhoji aombe ujumbe mmoja ambao mtu anaukumbuka, bila kumdokeza. Njia nyingine ni kuchanganya katika maswali jina la kipindi ambacho hakijawahi kuwapo. Idadi ya watakaodai kuwa wamekisikia itakuonyesha ni "ndiyo" ngapi za adabu zimejificha katika takwimu zako.

Hata hivyo, kusikia na kuelewa ni nusu tu ya matokeo. Nusu ya pili ni kitendo. Katika uzazi wa mpango kitendo kinaacha alama mahali panapojulikana, nayo ni rejista ya kliniki. Watafiti wa Twende na Wakati walikwenda huko pia. Wateja wapya waliulizwa ni nini kilichowaleta, na wapo walioitaja tamthilia kwa jina. Swali hilo lina siri moja ya utaratibu: liulizwe kwanza wazi, bila orodha. Ukianza kwa kumsomea mtu orodha yenye jina la kampeni yako, atalichagua. Na kabla hujafurahia ongezeko la wateja, fungua daftari la stoo la kliniki hiyohiyo. Ikiwa sindano zilikwisha mwezi uliopita na zimefika mwezi huu, msongamano unaouona huenda umeletwa na gari la dawa, wala si redio. Hakikisha vilevile kwamba unahesabu watu na si ziara, maana mama mmoja anayerudi kila baada ya miezi mitatu anaweza kuonekana katika taarifa kama akina mama wanne kwa mwaka.

Linabaki swali gumu kuliko yote: tutajuaje kwamba mabadiliko hayo yasingetokea bila kampeni? Hapa ndipo Dodoma inapoingia. Kuanzia 1993 hadi 1995, mtambo wa kurushia matangazo wa Dodoma haukurusha Twende na Wakati. Saa hiyo ulirusha vipindi vingine. Eneo hilo lilifanywa kipimo cha kulinganishia, huku watafiti wakihoji kaya kila mwaka pande zote mbili. Katika miaka hiyo miwili matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka kule tamthilia ilikosikika kuliko Dodoma. Mwaka 1995 tamthilia ilianza kusikika Dodoma pia, na huko nako matumizi yakapanda. Ongezeko moja linaweza kuwa bahati. Ongezeko linaloifuata redio popote inapofika, tena kwa nyakati mbili tofauti, ni vigumu kuliita bahati.

Wanafunzi wangu huuliza kama ilikuwa haki kuwanyima watu wa Dodoma kipindi kwa miaka miwili. Ni swali zuri, na jibu langu ni kwamba walicheleweshewa kipindi tu. Kliniki na dawa hawakunyimwa, na tamthilia waliipata baadaye. Kama kilichocheleweshwa kingekuwa chanjo au tiba, nisingethubutu kuutetea utaratibu huo. Inafaa pia kukumbuka udhaifu wake: Dodoma ilikuwa na hali zake za uchumi na huduma hata kabla ya 1993, na eneo moja la kulinganishia halitoshi kufuta kila shaka. Ndiyo maana yale yaliyotokea baada ya 1995 yana uzito mkubwa.

Ofisi ya wilaya haiwezi kuzima mtambo wa redio, lakini inaweza kuitumia hoja hiyo. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kliniki za wilaya yako zilikuwa zikipokea wateja wapya 40 kwa mwezi kabla ya kampeni, na baada yake zinapokea 60. Taarifa ya kawaida itaandika: ongezeko la 20. Sasa tazama wilaya jirani inayofanana na yako, ambako kampeni haikufika. Huko wateja wapya walikuwa 42, nao wamefika 54. Wameongezeka 12 bila fulana hata moja. Basi sehemu ambayo kampeni yako inaweza kuidai ni 8, wala si 20. Hesabu hiyo inatoshea kwenye karatasi moja, na inahitaji tu rejista za pande zote mbili, zikitazamwa kwa miezi ileile ili msimu wa kilimo au wa mvua usitudanganye.

Nimalizie na athari. Tafiti za kitaifa za afya na idadi ya watu zinaonyesha kwamba kati ya 1991/92 na 1996, wanawake walioolewa waliokuwa wakitumia njia yoyote ya uzazi wa mpango nchini waliongezeka kutoka takriban asilimia 10 hadi 18. Wastani wa watoto kwa kila mwanamke nao ulishuka kidogo. Je, Twende na Wakati iyadai mabadiliko hayo kuwa yake? Hapana. Miaka hiyohiyo ilisikika tamthilia nyingine ya redio, Zinduka, alama ya Nyota ya Kijani ilitangazwa kuonyesha vituo vyenye huduma, na huduma zenyewe zilipanuliwa. Kwa ngazi hii neno la haki ni "tumechangia", na neno "tumesababisha" liachwe. Ofisi ya wilaya isijaribu hata kupima athari za kampeni ya miezi sita kwa kuhesabu vifo vya wajawazito. Kwa namba zake, vifo hivyo ni vichache kwa mwaka, kiasi kwamba ajali moja ya gari la wagonjwa inaweza kuipindua takwimu nzima. Ngazi hiyo iachiwe tafiti za kitaifa. Wilaya ieleze tu kwa njia gani matokeo yake yanatarajiwa kuelekea huko.

Mtumishi wa umma anayeandika "tumegawa vipeperushi, hatujui kama vilisomwa" ametoa taarifa ya kweli, na anaweza kuomba fedha za kwenda kuuliza. Anayeandika "wananchi wamefikiwa" ameufunga mlango huo, na mwaka ujao atapewa fedha za kuchapisha vipeperushi vilevile. Nanyi wanafunzi na wanaharakati mnaposhika taarifa ya kampeni iliyogharimiwa kwa kodi au kwa mkopo tutakaoulipa, ulizeni maswali matatu kwa utaratibu huu: mlitoa nini, nani alibadilika na mlilinganisha na nani, na mabadiliko hayo yanaelekea wapi? Swali la pili ndilo litakalochelewa kujibiwa. Subirini jibu lake kwa maandishi.