Slaidi Zile Zile, Mitihani Mitatu

Binti wa ndugu yangu, anayesomea uuguzi katika chuo kimoja cha pwani yetu, alishuka kwenye matatu hapa Gede alasiri ya Ijumaa akiwa na uso wa mtu aliyefiwa. Alinisabahi, akaketi, kisha akatoa karatasi mkobani. Juu yake palikuwa pameandikwa 43 kwa 100, nayo alama ya kufaulu ni 50. Alipewa wiki tatu aurudie mtihani huo. Akianguka tena, atarudia muhula mzima, na karo ya muhula wa ziada haina mtu wa kuitoa katika ukoo wetu.

Mimi si mwuguzi. Nilisoma chuo cha Qur'ani, na kalamu naishika kwa nafasi tu. Lakini mwalimu hata akizeeka hukosa adabu ya kuacha karatasi ya mtihani bila kuitazama. Niliona kuwa ilikuwa na sehemu tatu. Katika maswali 20 ya kuchagua jibu alipata 17. Katika majibu mafupi, yenye alama 40, alipata 15. Katika insha, nazo zina alama 40, alipata 11. Msichana ni huyo huyo, somo ni lile lile la mama kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, na slaidi ni zile zile 38 alizotumiwa na mwalimu wake kwenye simu.

"Ulizisomaje, mwanangu?"

"Nilizipitia zote mara tano, Ami. Nikazipiga mistari ya rangi."

Nikamwambia aifunge simu anitajie sababu za damu hiyo. Alitaja mbili, akakwama. Kisha akasema, "Nikiziona nitazijua."

Ugonjwa ulikuwa pale. Swali la kuchagua humwekea mwanafunzi jibu mbele yake, naye kazi yake ni kulitambua. Jibu fupi humtaka alitoe kichwani pasipo kuonyeshwa chochote. Kusoma mara tano kulimzoesha sura za maneno, na ndiyo maana alipata 17 pale ambapo sura ilitosha. Tusimlaumu sana, kwani watoto wetu wengi walikulia katika KCPE, ambayo mpaka ilipokoma mwaka 2023 ilikuwa ya kuchagua herufi karibu yote, ukiondoa insha za lugha.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi kifungu wakisome. Baadhi walikirudia kukisoma, wengine walikifunika wakaandika walichokikumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma ndio waliokuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojijaribu walikumbuka asilimia 56, na wale wengine 42. Kwa hiyo raha anayoipata mtu usiku ule ule anapopitia slaidi si kipimo cha kitakachobaki.

Tulianza na insha, kwa kuwa ndiyo inayohitaji siku nyingi. Nilipozitazama zile slaidi niliona kasoro ambayo si ya mwalimu bali ni ya slaidi zenyewe: zina vichwa vya habari na vipande vya sentensi, lakini hazina "kwa sababu" wala "kwa hiyo". Ukurasa mmoja ulisema: ita msaada, kanda mji wa mimba, choma oksitosini, toa mkojo, kagua kondo la nyuma, tafuta michaniko. Kwa swali la kutaja, hayo yanatosha. Insha huuliza mama fulani atahudumiwaje na kwa nini, na hicho "kwa nini" hakimo kwenye slaidi. Mwanafunzi lazima akijaze mwenyewe kutoka kitabuni au kwa mwalimu wake.

Nikampeleka kwa mamangu, aliyewahi kuzalisha wanawake wengi wa kijiji hiki. Nilimwomba binti amweleze bibi yake ukurasa ule bila simu, na bibi aulize apendavyo.

"Mkojo unahusiana nini na damu?" mama akauliza.

Binti akanyamaza. Usiku alikwenda kutafuta, asubuhi akarudi na jibu: kibofu kilichojaa huuzuia mji wa mimba kujikaza, na usipojikaza, mishipa iliyo wazi pale kondo lilipong'oka haibanwi. Kutoka hapo kurasa nyingi zilishikana zenyewe. Alielewa kwa nini unakandwa, na kwa nini mtoto huwekwa kifuani anyonye, kwani kunyonya huufanya mwili wa mama utoe oksitosini yake. Mama alicheka, akasema hilo la kunyonyesha walilifanya miaka yote pasipo kujua jina lake. Kila jioni binti aliandika mifupa ya insha moja kwa dakika kumi: mpangilio, na sababu moja kwa kila hatua. Insha nzima aliandika mara mbili tu kwa wiki, kwa saa.

Kwa majibu mafupi njia ilikuwa nyepesi, ingawa ndiyo aliyoichukia zaidi. Aligeuza kila kichwa cha slaidi kiwe swali, akaandika majibu kwenye karatasi tupu, kisha akafungua simu na kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Sababu ni nne: ulegevu wa mji wa mimba, mabaki ya kondo, majeraha, na damu isiyoganda. Siku ya kwanza aliandika mbili, ya pili tatu, akaruka siku mbili, akarudi na nne. Nilimkataza kuandika aya nzima. Swali la alama nne linataka hoja nne, na anayelimwagia ukurasa huiba dakika za insha yake.

Maswali ya kuchagua tuliyaacha siku tatu za mwisho. Wanaohifadhi Qur'ani wanajua tabu ya mutashabihat, aya zinazofanana mpaka tofauti ya neno moja. Kuzisoma kila moja mahali pake hakuondoi tabu hiyo. Huwekwa ubavu kwa ubavu, ukatazama zinapoachana. Naye alifanya hivyo. Slaidi zake zilitaja mililita 500 kwa aliyejifungua kwa njia ya kawaida na 1000 kwa aliyepasuliwa, basi ziliandikwa mstari mmoja. Damu ya ndani ya saa 24 iliwekwa kando ya ile ya baadaye. Mji wa mimba laini unaoelekeza kwenye ulegevu uliwekwa kando ya ule mgumu ilhali damu bado inatoka, ambao humfanya mkunga atafute mchaniko. Na katika kujipima alifunika majibu manne kwa kiganja, akasema lake kwanza, kisha akafunua.

Aliniuliza afanyeje mwalimu asiposema mtihani utakuwa wa namna gani. Nilimwambia ajiandae kwa kuandika, kwa sababu awezaye kuandika mara nyingi hutambua, na atambuaye huenda asiweze kuandika. Ila kuandika peke yake hakumkingi na majibu mapacha. Jedwali lile la ubavu kwa ubavu bado analihitaji.

Matokeo yalikuja: 16, 29 na 22, jumla 67. Ile 16 ilimuudhi, kwa kuwa ilishuka alama moja. Mimi iliyonisumbua ni insha. Aliulizwa huduma ya mama huyo, naye akatumia ukurasa mzima kueleza sababu kwa vile alizijua vizuri, na msahihishaji hakumpa kitu kwa ukurasa huo. Tangu hapo, kabla ya kuandika, hupiga mstari chini ya kitenzi cha swali: taja, eleza, linganisha, au hudumia.

Ijumaa iliyopita alikuja na slaidi nyingine, za kifafa cha mimba. Mama alikuwa ameshatandika mkeka.