Kazi? Mimi Niko Nyumbani Tu

Kuna swali moja kwenye dodoso la kaya ambalo likiandikwa vibaya, jasho la akina mama wa kijiji kizima linapotea kwenye takwimu, na mchambuzi aliyeko mjini hatajua kama kuna kitu kimepotea. Swali lenyewe ni la kazi. Linaonekana jepesi kuliko yote. Umri wa mtu unaweza kukusumbua, mapato ndiyo usiseme, lakini kazi? Mtu si anajua kama anafanya kazi au hafanyi?

Likizo iliyopita nilikuwa mmoja wa wanafunzi wanne tuliopewa kibarua cha kujaribu dodoso la mradi fulani wa umwagiliaji, katika kijiji kimoja wilayani Kilosa. Matokeo ya utafiti ndiyo yangeamua nani aitwe kwenye mafunzo ya kilimo. Anayefanya kazi shambani anaingia kwenye orodha, asiyefanya anabaki nje. Dodoso lilitufikia limeshatafsiriwa kutoka Kiingereza, na swali la 9 lilisomeka hivi: "Je, katika wiki iliyopita ulifanya kazi yoyote kwa malipo, faida au manufaa ya familia?" Mhojiwa akijibu "Hapana", kishkwambi kinaruka maswali yote ya saa, malipo na aina ya kazi, kinatua swali la 24.

Kaya ya pili tuliyoingia, mama alikuwa amekaa kwenye mkeka anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, nikaomba ridhaa, nikasoma swali kama lilivyo.

"Kazi?" akacheka. "Hapana mwanangu, mimi niko nyumbani tu. Kazi anafanya baba yenu."

Mikono yake haikusimama hata wakati anajibu. Baadaye, kwenye sehemu ya mapato, akatuambia mwenyewe kwamba kila asubuhi anakaanga maandazi na kumpa binti yake akauze, na kwamba wiki ile nzima alikuwa anashinda shambani kufukuza ndege kwenye mpunga. Lakini kwa mujibu wa swali la 9, mama huyu hakufanya kitu.

Hakudanganya. Amejibu swali alilolisikia. Kwake, na kwa watu wengi tu, "kufanya kazi" ni kuajiriwa, au angalau kutoka asubuhi na kurudi na hela. Takwimu za kimataifa zinamhesabu mtu kuwa na kazi akifanya hata saa 1 tu ndani ya kipindi kinachoulizwa, kwenye ajira au kwenye biashara, iwe yake au ya kaya bila malipo. Pengo kati ya neno la kitaalamu na neno la mkekani ndilo linalommeza.

Mtu atauliza, kwani hiyo tafsiri haikukaguliwa? Ilikaguliwa. Mradi ulifanya tafsiri ya kurudi, yaani mtu wa pili akalitoa dodoso kwenye Kiswahili na kulirudisha kwenye Kiingereza bila kuona nakala ya kwanza, halafu Kiingereza mbili zikalinganishwa. Swali la 9 lilifaulu vizuri sana. Na hapo ndipo udhaifu wa njia hiyo unapoonekana. Aliyerudisha tafsiri naye ni msomi. Akiona "kazi" anajua maana yake ofisini, kwa hiyo anaandika neno lilelile la mwanzo. Tafsiri ya kurudi inakuambia kwamba wasomi wawili wamekubaliana. Haikuambii anachosikia mtu anayepukuchua mahindi.

Jioni tukakaa kutafuta neno jingine. Mwenzetu akapendekeza "shughuli", maana ni pana kuliko kazi. Kesho yake tukalijaribu, na mama mmoja aliyehamia pale kutoka Pwani akatujibu, "Wiki hii sijaenda kwenye shughuli yoyote, ila Jumamosi ijayo kuna moja kwa shangazi." Kwake shughuli ni harusi, ngoma, mambo ya kutunzana. "Biashara" nayo ikakwama: anayeuza maandazi alisema hana biashara, eti anauza vimaandazi tu vya kusukumia siku. Ukienda upande wa pili ukauliza, "Wiki hii umefanya kazi gani?" unapata kufua, kuchota maji na kupika, vitu ambavyo dodoso lilikuwa na sehemu yake kwa ajili hiyo. Kwa hiyo neno moja halikuwepo. Ama linabana mno au linamwaga kila kitu.

Kilichosaidia ni kuacha kutafuta neno na kuanza kutaja vitu. Swali la 9 likavunjwa kuwa maswali manne mafupi ya kuchuja. La kwanza tuliliandika hivi: "Tangu Jumatano iliyopita mpaka jana, ulifanya chochote shambani au kwa mifugo ya kaya, kama kulima, kupalilia, kufukuza ndege au kulisha kuku, hata kwa saa moja tu?" La pili likauliza kuhusu kutengeneza au kuuza kitu chochote, hata kidogo, kama maandazi, mboga, mkaa au pombe. La tatu likauliza kuhusu kibarua au mshahara, kwa pesa au kwa vitu. La nne likamuuliza aliyejibu "hapana" kote kama ana shamba, biashara au ajira ambayo wiki hiyo hakwenda tu, labda kwa ugonjwa au msiba. "Ndiyo" moja kati ya hayo inatosha kufungua maswali yanayofuata.

Utaona pia kwamba "wiki iliyopita" imeondoka. Wapo walioielewa kama wiki iliyoishia Jumapili, wapo walioielewa kama siku saba za nyuma. Kutaja siku kunamaliza ubishi, ila mdadisi lazima abadilishe siku kila anapohoji.

Tulijuaje kwamba maswali mapya yanaeleweka? Si kwa sababu watu waliyajibu. Watu hujibu hata swali wasilolielewa, kwa adabu tu. Katika jaribio la awali, baada ya jibu tulikuwa tunauliza tena: "Mama, hilo swali nililokuuliza, kwa maneno yako wewe lilikuwa linataka nini?" Au: "Uliposema hapana, ulikuwa unafikiria nini?" Kaya 12 tu, lakini ukikaa na kila mmoja hivyo, unapata kitu ambacho kaya 300 za "Ndiyo" na "Hapana" hazikupi.

Ndivyo tulivyogundua mtego wa saa. Dodoso liliuliza, "Kwa siku ulifanya hiyo kazi saa ngapi?" Yule wa maandazi akajibu, "Saa kumi na moja." Mwenzangu akaingiza 11. Tulipomwomba aeleze, tukakuta anasema ndiyo saa anayoamka, alfajiri, na ikifika saa mbili ameshamaliza. Ni saa 3 kwa siku. Kwa siku 6 ni saa 18, wakati kishkwambi kingeandika 66. Kiswahili chetu kinatumia "saa ngapi" kwa wakati na kwa muda, na namba zenyewe zinafanana. Tukabadilisha kuwa maswali mawili, ulianza saa ngapi na ukamaliza saa ngapi, hesabu ikafanywa na mashine. Ukipata data ya namna hii ambayo 11 na 12 zimejazana kwenye safu ya saa za kazi, usifurahie uchapakazi wa wanakijiji. Rudi kwenye swali.

Lakini dodoso zuri bado linapita mdomoni kwa mtu. Siku ya tatu mdadisi mmoja alikuwa ameshachoka, na swali la kuchuja akalisoma hivi: "Na biashara hufanyi, eh?" Nani atabisha? Kuna sababu nyingine mbaya zaidi ya uchovu: mdadisi akishajua kwamba "Ndiyo" inafungua maswali 14, na analipwa kwa kaya, jibu la "Hapana" linakuwa tamu. Hili halionekani kwenye fomu moja moja. Linaonekana ukipanga majibu kwa jina la mdadisi. Kama kaya ziligawiwa kwa bahati nasibu na wadadisi watatu wanakaribiana, halafu wa nne "Hapana" zake ni mara mbili ya za wenzake, tatizo si kijiji.

Na mhojiwa naye anakusoma. Kijana mwenye kitambulisho shingoni na kishkwambi, kaletwa na mwenyekiti wa kitongoji, anafanana na mtu wa TASAF. Mbele yake wengine huona ni busara kusema hawana kazi, huenda kuna msaada. Mume akiwepo, anajibu yeye. Tuliomba mahojiano ya faragha, na pale ilipowezekana mwanamke akahojiwa na mwanamke.

Haya si mambo ya Kilosa tu. Watafiti wa Benki ya Dunia na wenzao waliyapima hapahapa Tanzania katika utafiti wa mwaka 2007 na 2008, wakigawa kaya kwa bahati nasibu: nyingine zikapata sehemu fupi ya kazi isiyo na maswali ya kuchuja, nyingine ndefu, nyingine kila mtu akajisemea, nyingine akasemewa. Dodoso fupi lilipunguza wanawake waliohesabiwa kuwa kwenye nguvu kazi. Kusemewa hakukubadilisha hesabu ya wanawake, bali kulipunguza ya wanaume. Tofauti kati ya mbinu ilifika pointi 10 za asilimia, nchi ni ileile na watu ni walewale.

Mratibu wa mradi hakupokea maswali yetu kirahisi, na alikuwa na hoja. Awamu ya kwanza ya utafiti ilitumia swali la zamani. Ukilibadilisha sasa na idadi ya wanawake wenye kazi ikapanda, utasema mradi umeleta ajira, kumbe ni swali limebadilika. Kuuliza yote mawili kwa mtu mmoja haiwezekani, kwa sababu la kwanza litamfundisha namna ya kujibu la pili. Tulichokubaliana ni kishkwambi kichague chenyewe: nusu ya kaya zipate swali la 9 la zamani, nusu zipate manne mapya. Tofauti kati ya nusu mbili ndiyo kipimo cha swali, na nusu ya zamani inalinganishwa na awamu ya kwanza bila kudanganya.

Gharama yake ni kwamba kila kundi linabaki na nusu ya sampuli, kwa hiyo makadirio yanayumba zaidi. Na kwa orodha ya mafunzo tulisisitiza jambo moja: kaya zilizoangukia swali la zamani zisichujwe kwa jibu lile. Mama wa mkekani asikose nafasi kwa sababu mashine ilimchagulia swali asilolisikia sawasawa.