Gauni la wifi na mafuta ya pilau

Jamani, gauni la pamba nililovaa kwenye kicheni pati lilikuwa la kuazima, tena la wifi! Pilau ikanidondokea mapajani. Shoga yangu akaniambia, "Mwagia maji haraka!" Nikakataa, maana maji peke yake hayaondoi mafuta. Nilikandamiza tishu tu, bila kusugua.

Nyumbani nikamimina poda ya mtoto juu ya doa, nikaiacha nusu saa inyonye mafuta, kisha nikaikung'uta. Kabla ya kulowanisha gauni, nikapaka matone mawili ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, nikasugua taratibu kwa vidole. Baada ya dakika 10 nikasuuza kwa maji ya uvuguvugu.

Pasi sikugusa. Doa la mafuta hujificha nguo ikiwa mbichi, na ukilipiga pasi linang'ang'ania. Gauni lilipokauka nikaliangalia kwenye mwanga: kivuli bado kipo! Nikarudia sabuni, likatakata. Lingekuwa la hariri, ningeishia kwenye poda na kumpelekea dobi.

Wifi alilinusa. "Mbona linanukia kitoto?" Nikamweleza yote, tukacheka.